Kufua nguo za mtoto mwenye ngozi nyeti: sabuni ipi, na kusuuza vipi

Karibuni. Leo nina beseni mbili, ndoo ya maji na nguo kumi za mtoto wa miezi minne. Mwanangu wa pili alikuwa akitoka vipele shingoni na kiunoni, pale ukosi na mpira wa suruali vinapobana. Nilibadilisha sabuni mara tatu bila nafuu. Kumbe tatizo kubwa lilikuwa kwenye kusuuza, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Tuanze na sabuni, kwa ufupi. Geuza pakiti usome viambato. Ukikuta pafyumu, irudishe, hata kama mbele kumechorwa mtoto anacheka. Na maneno "haina harufu" yasikutoshe, kwa sababu wapo watengenezaji wanaoweka manukato kidogo ili kufunika harufu ya sabuni yenyewe. Unatafuta iliyoandikwa kwamba haikuongezwa manukato.

Mimi nachukua ya unga. Sabuni ya maji huhitaji kihifadhi isioze, na baadhi ya vihifadhi hivyo, kama methilisothiazolinoni, vinajulikana kuwaletea watu mzio wa ngozi. Ya unga kwa kawaida haivihitaji. Ya kipande, kama maji yenu ni magumu, hufanya utando mweupe unaonata kwenye nyuzi na hautoki kirahisi kwa kusuuza. Kilainisha nguo kiacheni kabisa: kazi yake ni kubaki kwenye kitambaa, nasi tunataka kisibaki kitu.

Sasa tufue. Chota kijiko kimoja cha chakula cha sabuni, ukisawazishe kwa kidole. Hicho kwa lita kumi za maji kinanitosha kwa nguo zisizo na uchafu mwingi. Koroga kwenye maji ya uvuguvugu mpaka usisikie chembe chini ya vidole, ndipo utie nguo. Chembe isiyoyeyuka huingia kwenye mshono na kukaa humo. Nguo mpya nazo zipite hapa kabla hazijavaliwa, maana zinatoka kiwandani na mabaki ya rangi na dawa za kuzinyoosha.

Nimeshafua. Tazama mkono wangu: nazitoa nikizibinya kidogo tu, kama wengi tunavyofanya. Tuseme zimebaki na lita mbili za maji ya sabuni. Nikimwaga juu yake lita ishirini na nne kwa mkupuo mmoja, sabuni iliyokuwa kwenye nguo inapungua kufikia sehemu moja ya kumi na tatu. Lakini nikigawa maji hayo hayo mara tatu, lita nane nane, na kubinya kila mara, msuuzo wa kwanza unaacha moja ya tano, wa pili moja ya ishirini na tano, wa tatu moja ya mia moja na ishirini na tano. Maji ni yale yale, sabuni iliyobaki ni karibu mara kumi pungufu.

Ukikamua kwa nguvu, nguo zikabaki na lita moja tu, misuuzo miwili ya lita nane inafika moja ya themanini na moja. Kwa hiyo maji yakiwa haba, ongeza kukamua. Sweta usilisokote, libinye ndani ya taulo kavu.

Wenye mashine, msijaze pipa mpaka juu, na bonyezeni msuuzo wa ziada.

Kuhakikisha, chukua soksi moja uliyokwisha kuisuuza. Itie kwenye chupa safi yenye maji ya uvuguvugu nusu, funga, tikisa mara ishirini, subiri dakika moja. Hii yangu, ona, ina duara la povu ukingoni. Narudisha nguo zote kwa msuuzo mmoja zaidi. Sabuni za mashine zisizotoa povu zitakudanganya hapa. Kwa hizo, sikiliza utelezi kati ya vidole.

Kama mtoto tayari ana vipele, badilisha jambo moja tu na ulishike wiki mbili. Fua upya kila kinachomgusa, pamoja na shuka na nguo zako unazombebea, maana shavu lake linalala begani kwako. Angalia pia vilipo. Vya sabuni hufuata mahali nguo inaposugua. Vikiwa vimejaa ndani ya nepi peke yake, chanzo mara nyingi ni unyevu wa nepi. Vidogo vidogo vya shingoni na kifuani wakati wa jua kali huenda ni joto. Vikitoa usaha, au mtoto akiwa na homa, weka beseni chini umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Haya, soksi imerudi kwenye chupa. Natikisa... maji safi, hakuna duara. Naanika.