Tanki la plastiki au la zege: mhadhara kwa wenye nyumba, Ipuli, Tabora

Shikamooni wazee, na wengine mwangaluka. Nimeombwa nijibu swali moja: anayetaka kuvuna maji ya bati anunue tanki la plastiki au ajenge la zege? Mafundi waliokaa kule nyuma wana jibu lao tayari, na wauzaji wana lao. Mimi nimejenga la zege likanivujia, halafu nikanunua la plastiki, kwa hiyo sina upande wa kutetea.

Tuanze na nyumba yangu. Bati limefunika mita 10 kwa 7, yaani mita za mraba 70. Hapa usihesabu mteremko wa bati, hesabu kivuli chake chini jua likiwa la utosi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Toa sehemu ya tano inayorukia nje ya gata na inayokaushwa na bati la moto. Mvua moja nzuri ya Desemba, ya milimita 30, inanipa kama lita 1,680. Mvua tatu za namna hiyo zinajaza tanki la lita 5,000, na hapo hata Krismasi haijafika.

Hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Mtu anaona tanki linamwagika Januari, Februari, Machi, anasema maji ninayo mengi. Huna. Maji uliyonayo ni yale yatakayokuwa ndani siku mvua ya mwisho inapokatika, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuanzia hapo mpaka Novemba ni kama siku 180, na bati halitakupa kitu.

Sisi kwetu tuko sita. Tukichukua lita 5 kila mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia tu, ni lita 30. Mara siku 180, ni 5,400. Tanki la lita 5,000 linakaribia kabisa kunifikisha, na nikibana kidogo nafika. Lakini mama watoto alitaka na ya kuoga, kuosha vyombo na kufua, ile lita 20 kwa mtu. Hiyo ni lita 120 kwa siku, jumla 21,600. Sasa hilo ni swali jingine kabisa.

Kwa hesabu ya kwanza nakwambia nunua plastiki, usijisumbue. Kwa hesabu ya pili ungehitaji matanki manne ya lita 5,000, tena kwa kubana kidogo, na bei ya plastiki inapanda karibu sawasawa na lita zake. Zege haliendi hivyo. Tanki la duara lenye kipenyo cha mita 2 ukilifanya la mita 4, kwa kimo kilekile, ukuta unaongezeka mara mbili, maji yanaongezeka mara nne. Sakafu nayo inakua mara nne, sikatai, lakini ukuta ndio unaokula nondo, waya na siku za fundi. Kwa hiyo zege dogo ni ghali bure, na zege kubwa ndilo linalolipa.

Kuna jambo la kimo pia. Tanki la plastiki la lita 5,000 lina kimo cha kama mita 2. Weka juu ya kitako cha sentimita 40 ili ndoo ipite chini ya koki, halafu nenda kapime gata lako. Nyumba zetu nyingi gata liko mita 2 na robo hivi. Maji hayapandi! Zege unalitandaza: kipenyo mita 4, kina mita 1.8, linachukua zaidi kidogo ya lita 22,000 na bado liko chini ya gata.

Nikajenga hilo. Duara, kwa sababu tanki la pembe nne maji yanasukuma kuta katikati na kuzipasua kwenye kona. Kiunzi cha nondo, waya wa kuku, lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu, ndani niru. Fundi alikuwa hodari. Kosa likaja baadaye: ilikuwa Septemba, jua la Tabora mnalijua, na mimi nikasafiri. Lipu ikamwagiwa maji siku mbili, basi. Saruji haikomai kwa kukauka, inakomaa ikiwa na unyevu. Ilitakiwa ifunikwe magunia yaliyoloa siku 14, ipate kivuli. Ikakauka kabla ya kukomaa, ikasinyaa, ikachanika nyufa nyembamba kama unywele.

Mvua zikajaza. Kwa nje sikuona maji yakitiririka, niliona mstari wa unyevu na unga mweupe kama chumvi. Unga huo ni chokaa ya saruji inayobebwa na maji yanayopita ukutani. Nikachora alama ya penseli ndani, pale maji yalipoishia, nikafunga koki na gata, nikafunika tanki ili jua lisinipotoshe. Baada ya saa 24 maji yameshuka sentimita moja.

Mtu mmoja akaniambia sentimita moja ni nini? Piga hesabu kwa kipenyo cha mita 4. Ni lita 125. Sisi watu sita tunatumia 120. Nilikuwa nimejenga tanki, halafu nikamkaribisha ndani jirani asiyeonekana mwenye familia kubwa kuliko yangu.

(Mzee mmoja: “Ukalivunja?”)

Hapana, mzee. Hapo ndipo zege linapolishinda plastiki. Nililikausha, tukapanua nyufa kwa tindo, tukaziba, tukapiga lipu na niru upya, na safari hii nikakaa nyumbani na ndoo yangu. Halafu sikuliacha kavu tena: hata Oktoba nabakiza maji ya kimo cha goti, maana likikauka kabisa kwa jua linachanika upya. Plastiki ikipasuka chini, kuna wanaoichomelea kwa moto, lakini chini ya uzito wa maji kiraka hicho mara nyingi hakidumu.

Isipokuwa plastiki mara nyingi haipasuki yenyewe, inapasuliwa na kitako. Lita 5,000 ni tani 5. Hili langu la pili liko juu ya zege la sentimita 10 lililonyooshwa kwa pima maji, pana kuliko tanki pande zote, na tulifagia mpaka kokoto ya mwisho. Ukiliweka juu ya magogo, tumbo linaning'inia katikati ya gogo na gogo. Na bomba la kutokea liwe la mpira kwa kipande cha mwanzo, kwa sababu tanki likijaa linavimba kidogo, na bomba gumu linang'oa koki.

(Mama mmoja: “Sisi tuko kwenye mbuga, udongo mweusi.”)

Mama, usijenge zege hapo kwa fundi wa kawaida. Udongo ule unavimba masika na kupasuka kiangazi, utaivunja sakafu. Chukua plastiki, chimba udongo ule utoe, jaza moramu na kushindilia, ndipo uweke kitako. Na kama umepanga nyumba, pia plastiki, siku ya kuhama unaondoka nalo. Walio kwenye kichanga kigumu, wenye kiwanja chao, wanaotaka zaidi ya lita 10,000, na wanaoweza kukaa wiki mbili wakimwagilia, hao ndio wa zege. Mbali na mwembe, tafadhali, mizizi yake haiogopi saruji.

(Kijana: “Na maji ya kwanza ya tanki jipya?”)

La zege, yamwagie miti. Yatakuwa na ladha ya saruji na yatakuchubua mikono. Ya pili yatakuwa na ladha nzuri zaidi.