Nguzo za Zabibu na Nodi za Kosaini

Habari za mchana, walimu wangu na wanafunzi. Nimekuja nikipita kando ya mashamba ya zabibu, nikawa natazama nguzo: hatua sawa, hatua sawa, mpaka mwisho wa mstari. Kwa waya, hiyo ni sahihi, maana waya ulio kati ya nguzo mbili hauna habari na nguzo ya kumi. Polinomia haiko hivyo. Ukiipitisha kwenye pointi tano, kila pointi inaivuta kila mahali.

Tuchukue kazi ya hapa hapa Dodoma. Unataka kupima jotoridi mara tano tu, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kisha upitishe polinomia moja ikukisie saa zilizobaki. Utapima lini? Karibu kila mtu hujibu saa 12, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12. Zile nguzo za zabibu.

Tuite adhuhuri sifuri, asubuhi −1 na jioni 1. Saa za kupimia, yaani nodi, zinakuwa −1, −0.5, 0, 0.5 na 1. Kosa la makisio ni zao la vitu viwili. Kimoja kinatokana na jinsi jotoridi lenyewe linavyopindapinda, na hicho hatukitawali. Cha pili ni polinomia ya nodi: simama mahali x, zidisha umbali wako hadi kila nodi. Hicho ni chetu, kwa sababu nodi tunazichagua sisi.

Kwa nodi zetu sawa, zao hilo ni x⁵ − 1.25x³ + 0.25x. Karibu na katikati kilele chake ni 0.044. Karibu na ncha kinafika 0.113, zaidi ya mara mbili. Sababu si ngumu: ukiwa katikati una majirani pande zote, ukiwa ukingoni nodi nyingi ziko mbali, upande mmoja. Kwa nodi 11 hali ni mbaya zaidi: kilele cha ukingoni ni kama mara 87 ya kile cha katikati. Mwanahisabati Runge aliionyesha hatari hii mwaka 1901.

Dawa ni kuzisogeza nodi kuelekea ncha. Lakini kwa kiasi gani? Chora nusu duara juu ya mstari wetu, ligawe vipande vitano sawa, weka alama katikati ya kila kipande, kisha dondosha kila alama wima hadi chini. Pembe ni nyuzi 18, 54, 90, 126 na 162, na kosaini zake ni 0.951, 0.588, 0, −0.588 na −0.951. Kwa jumla:

```
x_k = cos((2k-1)π/(2n)),  k = 1, ..., n
```

Sasa polinomia ya nodi ni x⁵ − 1.25x³ + 0.3125x. Ilinganishe na ile ya kwanza: imebadilika namba moja tu, ya mwisho! Hata hivyo vilele vyote sasa vina kimo kimoja, 1/16, yaani 0.0625.

Je, yupo anayeweza kushuka chini ya hapo? Hapana, na hoja hii ya mwanahisabati Chebyshev naipenda kuliko zote. Ukiandika x = cos θ, polinomia yetu ni cos 5θ gawanya kwa 16. Inagusa 1/16 na −1/16 kwa zamu, mara sita, ncha zikiwemo. Tuseme kuna nyingine inayoanza na x⁵, na haifiki 1/16 popote. Toa hiyo kwenye yetu. Penye pointi zile sita, tofauti hiyo itakuwa chanya, hasi, chanya, hasi, kwa hiyo lazima ikate sifuri mara tano. Lakini x⁵ zimefutana, imebaki polinomia ya kipeo cha 4 au chini, nayo haiwezi kukata sifuri mara tano. Basi haipo. Kwa nodi n kilele kidogo kabisa ni 1/2ⁿ⁻¹.

Tukirudi kwenye saa zetu: pima saa 12:18 na saa 2:28 asubuhi, saa 6 mchana, saa 9:32 alasiri na saa 11:42 jioni.

Naona mkono nyuma. Unauliza: kama daftari lina vipimo vya kila saa kamili tu, hiyo 2:28 utaitoa wapi? Swali zuri. Chukua saa 12, saa 2, saa 6, saa 10 na saa 12. Kilele kinakuwa 0.099, hujafika 0.0625, lakini umeshuka kutoka 0.113 bila kununua kipimajoto kipya. Ila usidanganyike ukavitumia vipimo vyote 13 kwenye polinomia moja. Hapo umerudi kwenye nguzo za zabibu, na ukingoni ndiko itakakoyumba.