Kila uvimbe si busha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Hapa kwetu Tanga mwanaume akivimba korodani bila maumivu, watu husema ana busha, basi. Kumbe huenda ni maji, ndilo busha lenyewe, huenda ni utumbo ulioshuka, yaani ngiri, huenda ni mishipa ya damu iliyotanuka. Tiba zake hazifanani.

Alinijia mvuvi mmoja wa miaka 52. Upande wa kulia ulikuwa umefikia ukubwa wa dafu dogo, na alikaa nao miaka minne akiuficha kwa msuli. Nilimwambia asimame, nikashika juu ya uvimbe, karibu na kinena, kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole vikakaribiana, katikati pakiwa na ile kamba ya korodani tu, nyembamba kama kawaida. Maana yake uvimbe umeanzia ndani ya mfuko, haukushuka kutoka tumboni. Ingekuwa ngiri, vidole visingepata pa kukutana, na akikohoa ningehisi kitu kikisukuma mkono wangu. Ngiri nyingi pia hurudi ndani mtu akilala chali.

Nikafunga dirisha, nikaweka tochi nyuma ya uvimbe. Ukawaka wekundu, kama kiganja ukiziba tochi usiku. Hayo ni maji. Ila tochi ina mipaka yake: busha la miaka mingi, ngozi ikiwa nene au maji yakichanganyika na damu, haliwaki.

Tatizo ni kwamba maji yale yalizunguka korodani hata sikuweza kuipapasa. Ndiyo maana nilimpeleka ultrasaundi, kwa sababu saratani ya korodani nayo inaweza kuleta maji, hasa kwa kijana. Korodani yake ilikuwa salama. Kwa watu wengi wa pwani chanzo ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu, ambayo huharibu mirija ya limfu. Alifanyiwa operesheni.

Mishipa iliyotanuka ni habari nyingine. Huwa zaidi kushoto, kwa kuwa mshipa wa huko hupanda mrefu hadi kuingia kwenye mshipa wa figo. Mgonjwa akisimama na kujikaza, ukipapasa ni kama umeshika mfuko wa minyoo, akilala hunywea. Usiponywea, au ukitokea kulia peke yake, au ghafla kwa mtu mzima, tunapima figo na tumbo, maana huenda kuna uvimbe unaobana mshipa huko juu.

Yule mvuvi alikuwa ameshaahidiwa mtaani kuvutwa maji kwa sindano. Nawasihi, msikubali. Maji hujaa tena, usaha unaweza kuingia, na kama kumbe ni ngiri, sindano inatoboa utumbo.

Na mwenye ngiri iliyokuwa ikirudi, siku ikigoma kurudi, ikawa ngumu, ikauma, akaanza kutapika, asisubiri asubuhi. Aende hospitali usiku huohuo.