Kusoma Slaidi za Mwenzako Kabla Hazijapanda Ukutani

Hamjambo wandugu. Nimeombwa niongee kuhusu kazi ambayo hapa Kampala sijamwona mtu anayelipwa kuifanya. Saa tatu usiku mwenzako anakutumia wasilisho, "niangalizie tu haraka", na kesho asubuhi atasimama mbele ya wageni. Makosa ya herufi nitayapitia upesi. Kinachomwaibisha mtu hasa ni takwimu zilizochacha, na hapo ndipo nitakapokaa.

Mwenzangu mmoja, ofisi yake nisiitaje, alinipa slaidi 22 kuhusu visima vya maji. Slaidi ya 3 ilisema Waganda ni 45,935,046. Kwenye grafu ya slaidi ya 14 wakawa 45,905,417. Nilipomuuliza, akaniapia kwamba zote mbili kazitoa UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa. Alikuwa mkweli. Sensa ilifanyika Mei 2024. Mwezi Juni yakatoka matokeo ya awali, ambayo ndiyo ile namba ya slaidi ya 3. Baadaye yakatoka ya mwisho, pungufu ya watu 29,629. Angeandika "milioni 45.9" pote, asingegundua mtu, maana zote mbili zinafika hapohapo. Kilichomponza ni kuandika tarakimu zote nane.

Basi akarekebisha slaidi ya 3, akashukuru, akataka kwenda kulala. Nikamwambia ngoja, namba ina watoto. Slaidi ya 15 ilisema watu wameongezeka kwa asilimia 32.6 tangu sensa ya 2014. Mwaka huo tulikuwa 34,634,650. Chukua matokeo ya mwisho ya 2024, toa hayo ya 2014, unapata 11,270,767. Gawa kwa 34,634,650, unapata asilimia 32.5. Ile 32.6 ilizaliwa na namba ya awali, na mzazi alipobadilishwa mtoto akabaki. Mjukuu nilimkuta kwenye maelezo ya msemaji chini ya slaidi, pale ambapo wengi hatufungui: "kama nilivyosema, thuluthi moja". Hiyo niliiacha, ni makadirio ya mdomo.

Watoto hawa natafuta hivi. Ndani ya PowerPoint nabonyeza Ctrl+F, naandika 45,9, halafu 45.9, halafu "milioni 45", kwa sababu mtu huiandika namba ileile kwa sura tatu. Lakini utafutaji huo hauingii ndani ya grafu wala picha, kwa hiyo grafu nazisoma kwa macho, moja moja. Nikiwa na shaka naibofya grafu mara moja. Ikiwa ni picha iliyobandikwa, haitabadilika hata faili la Ekseli likirekebishwa mara mia. Ikiwa imeunganishwa na faili, nakwenda File, Info, Edit Links to Files, naangalia inavuta kutoka wapi. Mara nyingi inavuta kutoka faili la mwaka jana.

Viungo navyo vina ugonjwa wao. Naweka kishale juu ya kiungo, anwani inajitokeza. Ikianza na `C:\Users\`, hicho kitafunguka kwenye kompyuta ya mwenyewe tu. Ndiyo maana nakijaribu kwenye mashine nyingine. Kwake kila kitu kinafanya kazi, na anaona namsumbua bure.

Vishikilia nafasi ni rahisi. Kisanduku kitupu kinachosema "Click to add title" hakionekani wakati wa kuonyesha, kwa hiyo hakinitishi. Cha hatari ni kile ambacho mtu amekiandika mwenyewe: "asilimia XX", "weka picha ya kisima". Hicho kitapanda ukutani kama kilivyo. Natafuta XX, natafuta "weka".

Kuhusu herufi, neno moja tu. Tunaoandika slaidi kwa Kiswahili tunachoshwa na mistari myekundu chini ya kila neno, kwa kuwa programu inadhani ni Kiingereza. Mtu anakasirika, anazima ukaguzi kwenye slaidi nzima, na hapo "Wizara ya Maji" inakuwa "Wizara ya Maiji" bila mstari wowote. Bora abadilishe lugha ya maandishi kwenye Review, Language. Fonti zikichanganyika, Replace Fonts inazirudisha mahali pamoja kwa dakika moja. Sijui kwa nini watu wanazibadilisha slaidi kwa slaidi.

Na namba za mtu mimi sizibadilishi mwenyewe, hata nikiwa na hakika. Yeye ndiye atakayeulizwa. Naacha maoni pembeni. Kwa yule wa visima niliandika: "Slaidi ya 15: 32.6 inatokana na matokeo ya awali. Kwa matokeo ya mwisho ni 32.5. Hesabu nimeiweka hapa chini, ikague." Aliikagua saa tano usiku, akanijibu kwamba kuna nyingine kwenye slaidi ya 19 ambayo mimi sikuiona.