Kompresa inanguruma, haizunguki

MTANGAZAJI: Leo tuna swali kutoka Busia, upande wa Uganda, kwa msikilizaji anayejaza matairi. Asubuhi tangi likiwa tupu, kompresa yake inawaka vizuri na kujaza hadi baa 8. Presha ikishuka hadi 6, mota inajaribu kuwaka tena, inanguruma tu, kisha inajikata. Ameambiwa mota imeungua.

FUNDI: Asinunue mota bado. Iliyoungua isingewaka vizuri kila tangi likiwa tupu. Mimi ningemuuliza kwanza: kompresa ikizima yenyewe pale kwenye 8, anasikia “psss” fupi?

MTANGAZAJI: Nilimuuliza, dada, hasikii kitu.

FUNDI: Basi tuanzie hapo. Kwenye mdomo wa tangi kuna vali inayozuia hewa isirudi. Kati yake na pampu, bomba hubaki na hewa iliyobanwa. Kamrija kembamba huipeleka hewa hiyo kwenye vali ndogo ya kupumulia, pembeni mwa swichi ya presha. Swichi ikikata, mkono wake unasukuma kipini cha vali, hewa inatoka. Isipotoka, pistoni inaanza kazi ikiwa imebanwa, na mota haina nguvu ya kuisukuma.

MTANGAZAJI: Atathibitishaje?

FUNDI: Tangi likiwa na baa 6, achomoe plagi, avae miwani, alegeze taratibu nati ya kale kamrija. Hewa ikitoka kidogo ikaisha, akaze nati na kuwasha. Mota ikizunguka, kosa liko kwenye vali ya kupumulia. Hewa isipokoma, vali ya kuzuia inavuja. Hiyo afungue baada ya kumwaga hewa yote ya tangi.

MTANGAZAJI: Alifanya hivyo, ikatoka kidogo, kompresa ikawaka.

FUNDI: Safi. Sasa achomoe plagi tena, amwage hewa yote, afungue kifuniko cha swichi. Kipini huganda kwa kutu na mafuta ya pampu. Akisafishe, na aangalie kama mkono unakifikia. Kikigoma, abadilishe vali. Akiwa hapo atazame pointi za umeme; zikiwa zimeungua, mota inapata umeme pungufu na itanguruma vilevile.

MTANGAZAJI: Na kapasita?

FUNDI: Tungeigusa kama “psss” ingesikika na mota bado inanguruma. Kapasita iliyochoka huweza kuwasha pampu isiyo na mzigo, ikashindwa kwenye presha. Ila hukaa na umeme hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo itolewe chaji kwanza kwa kupitishia balbu ya zamani ya waya. Kisha ipimwe. Ikiwa imeandikwa mikrofaradi 200 na mita inasoma 120, imekwisha. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zisipungue za ile ya zamani.

MTANGAZAJI: Anatumia pia waya mrefu mwembamba kutoka nyumbani.

FUNDI: Aubadilishe na mnene, ufupi kadiri iwezekanavyo. Volti zikishuka wakati wa kuwaka, hata vali nzima haitamsaidia.