Hesabu Chembe, Usihesabu Pete

Anayenijua anajua nitaanzia wapi. Ndiyo, palepale: kuhesabu vimelea vya malaria.

Tazameni picha tano hizi za tone jembamba, yaani damu iliyotandazwa kwenye slaidi: damu ya mtoto mwenye malaria ya aina ya falsiparamu. Kila picha ina chembe nyekundu kama 200, jumla 1,000. Mwanafunzi wangu aliniletea vimelea 34, akaandika asilimia 3.4. Nikamwambia, kaa, tuanze upya.

Vitatu kati ya hivyo vilikuwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilizokaa juu ya chembe nyekundu. Pete, yaani kimelea kichanga ndani ya chembe nyekundu, ina duara jembamba la buluu na kitone chekundu. Chembe sahani ni zambarau tupu, ina punjepunje, na mara nyingi imezungukwa na weupe. Kwenye hadubini ungezungusha fokasi uone kipi kiko juu na kipi kimo ndani. Picha haizunguki, kwa hiyo ukiwa na shaka rudi kwenye slaidi.

Vinne vingine vilikuwa gametosaiti, vimelea vya hatua ya kuchukuliwa na mbu, vile vyenye umbo la ndizi. Hivyo haviingii katika hesabu. Utaniuliza, kwani si vimelea? Ni vimelea, lakini sivyo vinavyomtia mtoto homa, na hubaki kwenye damu siku nyingi baada ya dawa kufagia pete. Ukivihesabu, utasema dawa imeshindwa wakati imefanya kazi yake. Viandike pembeni.

Zimebaki pete 27. Sasa ndipo ugomvi wangu wa miaka yote ulipo! Chembe sita zilikuwa na pete mbili mbili. Falsiparamu ndiyo tabia yake. Chembe yenye pete mbili ni chembe moja iliyoambukizwa. Basi zilizoambukizwa ni 21, yaani asilimia 2.1, si 3.4.

Najua kosa linatoka wapi. Kwenye tone nene, damu isiyotandazwa, chembe nyekundu zimepasuliwa, huna pa kuhesabu ila kimelea kimoja kimoja dhidi ya chembe nyeupe. Mtu anahamia tone jembamba na mazoea yake yote. Ni kama kuhesabu wageni kwa kuhesabu viatu mlangoni.

Tukichukulia chembe nyekundu milioni 5 kwa mikrolita, asilimia 2.1 ni 105,000. Lakini mtoto huyu alikuwa na upungufu wa damu, kipimo kilitoa milioni 2.5. Kwa hiyo ni 52,500, nusu nzima! Kama hesabu halisi ya chembe ipo kwenye faili, kwa nini uitumie ile ya kukisia?

Na ukiona chembe moja tu iliyoambukizwa katika 1,000, usijivunie desimali. Nenda kwenye tone nene.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Skizonti, vimelea vilivyokomaa vinavyojigawa, kwa kifupi: za falsiparamu hujificha kwenye mishipa midogo, huzioni kwa kawaida. Mkiziona nyingi kwenye damu ya kidole, pigeni simu wodini kabla hamjamaliza kuhesabu. Nilikuwa na picha za vivaksi pia, aina nyingine ya malaria, zimebaki.