Jinsi ya kupima mkono wa mtoto kwa utepe, na la kufanya ukishaona rangi

Habari zenu, wahudumu wenzangu wa afya ya jamii. Leo tupo kijijini, wilaya ya Tandahimba, kwenye kibaraza cha bibi mmoja anayekaa na mjukuu wake wakati mama yuko shambani kwenye korosho. Bibi ameturuhusu kurekodi, ila uso wa mtoto hatuuonyeshi.

Kwanza, kadi ya kliniki. Utepe huu wa kupima utapiamlo ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kadi inaonyesha huyu ana miezi 14, basi tunaendelea. Mwombe bibi ampakate mtoto na amvue nguo mkono wa kushoto wote. Kukunja mkono wa nguo hadi begani hakutoshi, kwa sababu kitambaa kilichojikusanya kinaubana mkono na kukuficha mfupa wa bega.

Sasa tunatafuta katikati. Kunja kiwiko cha mtoto kiwe kama pembe ya meza. Papasa juu ya bega mpaka uguse ncha ya mfupa, weka uzi hapo, uushushe kwa nyuma hadi ncha ya kiwiko. Ukunje uzi huo katikati, nusu mbili zilingane, urudishe begani, na pale unapoishia tia alama kwa kalamu. Kwa mtoto huyu, bega hadi kiwiko ni sentimita 15, kwa hiyo alama ipo kwenye 7.5. Wengi tunaikadiria kwa macho. Naomba tuache, kwani mkono wa mtoto haulingani unene kutoka juu hadi chini. Ukikosea alama, umepima mahali pengine.

Nyoosha mkono sasa, uning'inie umelegea. Zungusha utepe juu ya alama, pitisha ncha kwenye tundu, vuta taratibu. Sogeza kamera hapa, tafadhali. Mnaona? Ngozi imejikunja pembeni mwa utepe. Nimekaza mno, na dirisha linasoma 11.3, nyekundu. Nalegeza. Utepe ugusane na ngozi pande zote, usiibonyeze, wala usiache upenyo wa mwanga. Sasa inasoma 11.7, njano. Mkono ni uleule na mtoto ni yuleyule, ila milimita nne za kukaza zimebadilisha rangi. Ndiyo maana napima mara ya pili kabla ya kuandika. Nimerudia: 11.7. Andika namba, si rangi peke yake, ili ukirudi ujue mtoto anapanda au anashuka.

Chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi 12.4 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 ni kijani. Ikisoma 11.5 kamili, hiyo ni njano.

Lakini msikunje utepe mkaondoka. Shika miguu yote miwili, bonyeza juu ya unyayo kwa vidole gumba, hesabu polepole: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Achia. Tazameni, shimo limebaki mguu wa kulia, na wa kushoto vilevile. Bibi anasema, "Mwanangu, mie nilidhani ananenepa." Hakosi kufikiri hivyo, maana maji yanaujaza mwili. Utepe unapima mkono tu, hauyaoni maji haya. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata utepe ukisoma kijani. Mtoto wetu wa njano sasa tunamshughulikia kama wa nyekundu.

Kwa hiyo anaenda kituoni leo hii, hangoji siku ya kliniki. Kwenye fomu ya rufaa naandika: miezi 14, mkono 11.7, miguu yote imevimba. Namuuliza bibi kama mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri. Likiwepo hata moja, naliandika juu kabisa na kupiga simu kituoni. Njiani afunikwe vizuri, na mama akifika amnyonyeshe. Dawa za kienyeji za kutoa uvimbe zisubiri kabisa.

Angekuwa njano bila uvimbe, ningempa rufaa akapimwe kituoni ndani ya siku chache, tungezungumza juu ya uji wake: ule wa muhogo mtupu uongezewe karanga au korosho zilizotwangwa, au dagaa waliosagwa. Kisha ningerudi baada ya wiki mbili na utepe uleule. Wa kijani asiye na uvimbe hapewi rufaa. Mwambieni mlezi matokeo, mpimeni tena mwezi ujao.

Bibi ameshafunga kanga. Nampigia mama shambani, kisha bodaboda.